Zinki Iliyokuwa Ikiliwa: Kisa cha Betri kutoka kwa Volta hadi kwa Daniell

Tarehe 20 Machi 1800, Alessandro Volta, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Pavia, kaskazini mwa Italia, alikuwa katika mji wake wa kuzaliwa, Como, akiandika barua ndefu kwa Kifaransa. Aliyeandikiwa alikuwa Joseph Banks, rais wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi jijini London. Barua ilieleza chombo ambacho mtu yeyote mwenye subira angeweza kukiunda mezani kwake. Chukua kisahani cha fedha, weka juu yake kisahani cha zinki, halafu kipande cha karatasi ngumu kilicholowekwa katika maji ya chumvi. Kisha fedha tena, zinki tena, karatasi tena, kwa mpangilio uleule usiobadilika, hadi upate mnara wa makumi ya visahani. Mtu aliyelowanisha mikono yake na kushika kitako na kilele cha mnara huo alipigwa na mshtuko wa umeme. Alipoachia na kushika tena, alipigwa tena.

Hilo la kupigwa tena ndilo lililowastaajabisha watu. Umeme wenyewe ulikuwa umeshajulikana. Kwa zaidi ya nusu karne wanasayansi wa Ulaya walikuwa wakiuzalisha kwa kusugua vioo na kuuweka katika chupa za Leyden, yaani chupa za kioo zilizofunikwa kwa bati jembamba ndani na nje. Lakini chupa ya Leyden ukiigusa hutoa cheche moja, na mambo yamekwisha, mpaka ukasugue upya. Mnara wa Volta haukusuguliwa na mtu. Ulikaa tu mezani, na kila ulipoguswa ulitoa umeme tena. Hii ndiyo betri ya kwanza duniani, na swali lililozuka papo hapo ni lile ambalo mwanafunzi yeyote mwenye tochi mkononi ana haki ya kuliuliza: umeme huu unatoka wapi?

Volta alikuwa na jibu, na jibu lake halikuwa sahihi. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini hadi jibu sahihi lizae betri iliyokuwa bora, na katika muda wote huo ushahidi ulikuwa umelala wazi ndani ya mnara wenyewe. Kila aliyeufungua mnara baada ya kuutumia aliona kwamba visahani vya zinki vimechakaa, vimeingia utandu na kuliwa.

Mambo haya yalianzia kwa chura. Katika miaka ya 1780, Luigi Galvani, profesa wa anatomia mjini Bologna, aliona kwamba miguu ya chura aliyekwisha kufa, ikiwa imetundikwa kwa kulabu za shaba nyeupe, hurukaruka kulabu hizo zinapogusana na chuma. Mwaka 1791 alichapisha maelezo yake: ndani ya mwili wa mnyama, alisema, mna umeme wa kimnyama, na metali huupa tu njia ya kutoka. Volta alisoma, akarudia majaribio, na mwanzoni akakubali. Kisha akaanza kutia shaka, kwa sababu aliona jambo ambalo Galvani hakulipa uzito. Metali zikiwa mbili za aina tofauti, mguu huruka kwa nguvu. Zikiwa za aina moja, haufanyi kitu au hutikisika kidogo sana. Kama umeme ungekuwa wa chura, kwa nini ujali aina ya metali?

Basi Volta akamwondoa chura. Aliweka bati nyembamba ya stani kwenye ncha ya ulimi wake na sarafu ya fedha nyuma yake, akazigusanisha, akasikia ladha ya uchachu. Hapakuwa na chura, ila kulikuwa na metali mbili na mate katikati. Kutoka hapo hadi kwenye visahani vya fedha na zinki ilikuwa safari ya kuchagua metali zinazofaa zaidi, na kuweka karatasi yenye chumvi mahali pa ulimi.

Mpaka hapo Volta alikuwa ameona sawasawa. Alikosea hatua iliyofuata. Aliamini kwamba umeme huzalishwa na kule kugusana kwenyewe kwa metali mbili, na kwamba maji ya chumvi ni njia tu ya kuupitisha. Kuchakaa kwa zinki alikuchukulia kuwa jambo la pembeni. Kwa maoni yake, mnara ungeweza kusukuma umeme bila kukoma. Mwaka 1801 alialikwa Paris kuuonyesha mbele ya Napoleon, ambaye baadaye alimpa cheo cha ukabaila. Alifariki mwaka 1827, na kipimo cha volti kikaitwa kwa jina lake. Kosa lake halimpunguzii heshima, kwa sababu chombo alichokiunda ndicho kilichowapa wengine njia ya kulisahihisha.

Marekebisho yalianza hata kabla barua haijasomwa hadharani. Banks aliionyesha kwa marafiki wachache, na mwanzoni mwa Mei 1800 William Nicholson na daktari mpasuaji Anthony Carlisle walikuwa wameshaunda mnara wao London. Ili waya ushike vizuri juu ya kisahani, walidondoshea tone la maji. Viputo vidogo vikaanza kutokea penye waya. Wakachukua mrija wa maji, wakatumbukiza nyaya mbili kutoka pande mbili za mnara, wakaona gesi ikitoka: haidrojeni upande mmoja, na upande wa pili, walipotumia waya wa metali isiyoshika kutu, oksijeni. Umeme ulikuwa unayavunja maji. Kama umeme unaweza kusababisha mabadiliko ya kemikali, basi lilikuwa jambo la busara kuuliza kama mabadiliko ya kemikali nayo yanaweza kusababisha umeme.

Kijana mmoja aliuliza hivyo mwaka uleule. Humphry Davy, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na moja, alijaribu kuloweka karatasi za mnara katika vimiminika mbalimbali. Aligundua kwamba mnara hufanya kazi pale tu ambapo kimiminika kinaweza kuishambulia zinki. Zinki isiposhambuliwa, umeme hakuna. Metali mbili bado zinagusana kama alivyotaka Volta, lakini mnara umekaa kimya. Kilichokuwa kimeonekana kuwa uchakavu wa pembeni sasa kilianza kuonekana kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Ili kuona maana yake, tuache mnara kwa muda tufanye jaribio dogo ambalo maabara yoyote ya sekondari inaliweza. Weka mrututu, yaani zile fuwele za buluu ambazo wakulima huzitumia kutengeneza dawa ya ukungu, katika bilauri ya maji. Fuwele zinayeyuka na maji yanakuwa ya buluu. Jina la kikemia la mrututu ni salfeti ya shaba. Ndani ya maji yale shaba haipo kama metali. Ipo kama ayoni, yaani atomi ambazo zimepoteza elektroni mbili kila moja na hivyo kubaki na chaji chanya. Sasa tumbukiza kipande kisafi cha zinki. Muda si mrefu zinki inafunikwa na tabaka la rangi ya kahawia iliyokoza, na ukiacha zaidi, buluu ya maji inafifia na maji yanapata joto. Tabaka lile ni shaba. Kila atomi ya zinki inayoingia majini inaacha elektroni mbili, na ayoni ya shaba iliyo karibu inazichukua elektroni hizo na kugeuka kuwa metali:

Zn + Cu²⁺ → Zn²⁺ + Cu

Mambo mawili ya jaribio hili yanatosha kueleza betri yoyote. Kwanza, joto. Zinki ya metali na shaba iliyo katika hali ya ayoni, zikiwa pamoja, zina nishati kubwa zaidi kuliko zinki ya ayoni na shaba ya metali. Tofauti hiyo ya nishati haipotei, bali hutoka, na katika bilauri yetu imetoka kama joto. Pili, elektroni zimehama kutoka kwa zinki kwenda kwa shaba, na elektroni zinazohama ndizo mkondo wa umeme. Mbona basi bilauri haitoi umeme? Kwa sababu zinki na ayoni za shaba zinagusana. Elektroni inaruka umbali mdogo sana, kutoka atomi hadi ayoni iliyo jirani yake, bila kupita mahali tunapoweza kuitumia.

Nawaomba wasomaji vijana wasimame hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi hupotea. Tumezoea kusema betri imehifadhi umeme, na picha inayokuja akilini ni ya umeme uliojazwa ndani ukisubiri kutoka. Sivyo ilivyo. Betri mpya haina elektroni zaidi ya betri iliyokwisha. Kilichohifadhiwa ni vitu viwili vya kemikali ambavyo vikikutana vitamenyuka na kutoa nishati, na ambavyo mtengenezaji amevitenga kwa makusudi. Elektroni zinataka kutoka kwa kimoja kwenda kwa kingine. Njia ya mkato imefungwa, na njia pekee iliyoachwa ni ile ya kuzunguka kupitia waya na taa yako. Taa ikizimwa, njia hiyo nayo imefungwa, na mmenyuko wa kemikali unasimama karibu kabisa. Ndiyo maana betri inaweza kukaa dukani miezi mingi na bado ikawa nzima.

Katika mnara wa Volta, utengano huo ulikuwapo bila yeye kuukusudia. Zinki iliingia katika maji ya chumvi kama ayoni na kuacha elektroni zake kwenye kisahani. Elektroni zilizunguka kwa njia ya nje hadi kwenye fedha, na kwenye uso wa fedha haidrojeni ya maji ilizipokea na kugeuka gesi. Fedha yenyewe haikubadilika, ilikuwa mlango tu. Kila jozi ya visahani ilitoa volti moja hivi au pungufu, na kupanga jozi nyingi mfululizo kulijumlisha volti zao, ndiyo maana mnara mrefu ulitikisa mkono zaidi kuliko mnara mfupi.

Lakini gesi ile ya haidrojeni ilikuwa balaa. Viputo vyake viliganda juu ya uso wa fedha au shaba na kuufunika, na elektroni zikakosa mahali pa kupokewa. Mkondo ulianza kwa nguvu na kudhoofika baada ya dakika chache. Ukipangusa visahani, au ukiacha mnara upumzike hadi viputo viondoke, nguvu ilirudi kwa muda. Dalili hiyo ya kuchoka haraka na kupata nafuu baada ya mapumziko iliwatesa wote waliotumia betri kwa miaka thelathini na sita. Kulikuwa na tatizo la pili. Zinki ya siku zile haikuwa safi, ilichanganyika na chembe za chuma na metali nyingine, na kila chembe pamoja na zinki iliyoizunguka ilikuwa betri ndogo sana isiyo na waya wa nje. Kwa hiyo zinki iliendelea kuliwa hata betri ikiwa haitumiki.

Aliyeyatatua yote mawili kwa pamoja alikuwa John Frederic Daniell, profesa wa kemia katika Chuo cha King's mjini London. Alikuwa rafiki wa Michael Faraday, mtu ambaye katika miaka ya 1833 na 1834 alikuwa ameonyesha kwamba kiasi cha kemikali kinachobadilika hulingana sawasawa na kiasi cha umeme kinachopita. Baadaye, mwaka 1840, Faraday aliijibu nadharia ya Volta kwa hoja ambayo naiona kuwa nzito kuliko majaribio mengi: kama kugusana tu kwa metali kungetoa umeme bila kitu chochote kutumika, ingekuwa ni kuumba nguvu pasipo kitu, na hakuna mahali popote katika maumbile tunapoona jambo hilo.

Daniell alifikiri kwa namna hiyohiyo. Kama kisumbuacho ni haidrojeni, basi ipewe shaba ya majini nafasi ya kupokea elektroni badala ya haidrojeni. Shaba haitoi viputo. Inaganda tu juu ya shaba nyingine, na uso unabaki kuwa uleule. Mwaka 1836 alitengeneza seli yake. Chombo cha nje kilikuwa silinda ya shaba, na ndani yake mmetiwa maji ya mrututu. Katikati ya silinda alining'iniza mfuko uliotengenezwa kwa umio wa ng'ombe, na ndani ya mfuko akatia asidi ya salfuriki iliyozimuliwa pamoja na fimbo ya zinki. Zinki aliipaka zebaki ili zile chembe za uchafu zisiile bure. Karibu na mdomo wa silinda aliweka rafu yenye matundu iliyobeba fuwele za mrututu, ili maji yanapopungukiwa shaba, fuwele ziyeyuke na kuyajaza tena. Muda si mrefu umio wa ng'ombe ulibadilishwa kwa chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa, kinachopitisha unyevu taratibu. Mwaka 1837 Jumuiya ya Kifalme ilimpa Daniell Nishani ya Copley.

Tuifuatilie elektroni moja ndani ya seli hii. Kabla waya haujaunganishwa, atomi chache za zinki zinaingia katika asidi kama ayoni na kuacha elektroni kwenye fimbo. Fimbo inakuwa na chaji hasi, na chaji hiyo inazivuta nyuma ayoni za zinki, hivyo mambo yanasimama upesi. Upande wa shaba, ayoni chache zinachukua elektroni kutoka kwenye silinda na kuiacha na upungufu. Ni kama pande mbili zinazovutana kamba, zote zikizitaka elektroni, lakini ayoni za shaba zina mvuto mkubwa zaidi kuliko za zinki. Tofauti ya mivuto hiyo ndiyo volti, na kwa seli ya Daniell ni takribani 1.1. Namba hiyo haitegemei ukubwa wa chombo. Seli ya kutosha kikombe na seli ya kutosha pipa zote hutoa volti 1.1, kwa sababu volti hutokana na aina ya vitu vinavyomenyuka, si wingi wake.

Sasa unganisha waya. Elektroni zinaondoka kwenye zinki, zinapita katika taa, zinafika kwenye shaba. Kwenye zinki:

Zn → Zn²⁺ + 2e⁻

Na kwenye shaba:

Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu

Ukiyajumlisha yote mawili unapata mmenyuko uleule wa bilauri yetu. Tofauti ni kwamba nusu yake imetendeka ndani ya chungu na nusu nje yake, na elektroni zimelazimika kupita kwenye taa.

Chungu kinafanya kazi gani? Kama kingekuwa ukuta usiopitisha chochote, seli ingekufa papo hapo. Upande wa zinki ungejaa ayoni zenye chaji chanya, upande wa shaba ungebaki na ayoni nyingi za salfeti zenye chaji hasi, na msongamano huo wa chaji ungezizuia elektroni zisiendelee kwenda. Kama, kwa upande mwingine, kusingekuwa na chungu kabisa, ayoni za shaba zingeifikia zinki moja kwa moja na tungerudi kwenye bilauri yenye joto. Udongo wenye vinyweleo unatoa nafasi ya kati. Ayoni za salfeti zinapenya polepole kuelekea upande wa zinki, chaji inasawazika, na vimiminika viwili vinabaki vimetengana kwa kiasi kikubwa. Mzunguko, kwa hiyo, una sehemu mbili. Nje, katika waya, zinatembea elektroni. Ndani, katika kimiminika, zinatembea ayoni. Kimiminika hicho chenye ayoni ndicho kinachoitwa elektrolaiti, na kikikauka au kikiganda, betri haifanyi kazi hata kama zinki yote bado ipo.

Daniell mwenyewe hakujua neno elektroni, maana chembe hiyo iligunduliwa na J. J. Thomson mwaka 1897. Lakini sheria ya Faraday ilimruhusu mtu kuhesabu bila kuijua, nasi tuhesabu. Tuseme seli ya Daniell inawasha taa ndogo inayotumia mkondo wa ampea 0.1 kwa saa kumi. Ampea moja ni kulomu moja ya chaji kwa kila sekunde, na saa kumi ni sekunde 36,000, hivyo chaji iliyopita ni kulomu 3,600. Moli moja ya zinki, yaani gramu 65.4, ikitoa elektroni mbili kwa kila atomi hutoa kulomu 193,000. Gawanya 3,600 kwa 193,000, kisha zidisha kwa 65.4, unapata gramu 1.22. Hiyo ndiyo zinki iliyoliwa. Kwa hesabu hiyohiyo, ukitumia gramu 63.5 za moli ya shaba, silinda ya shaba imeongezeka gramu 1.18. Mizani ya maabara inaweza kuyathibitisha yote mawili: pima fimbo na silinda kabla na baada. Ikiwa zinki imepungua zaidi ya hesabu, ujue sehemu ya mmenyuko imefanyika bila kupitia waya, ama kwa sababu ya uchafu katika zinki au kwa sababu mrututu umevuja na kupenya chungu. Ukiona shaba ya kahawia imeganda juu ya zinki, ni hilo la pili.

Na nishati je? Volti moja maana yake ni jouli moja kwa kila kulomu. Kulomu 3,600 kwa volti 1.1 ni jouli 3,960. Hiyo inakaribia nishati ya kuunyanyua mfuko wa saruji wa kilo 50 hadi urefu wa mita nane. Imetoka kwenye gramu moja na ushei ya zinki, pamoja na shaba iliyoisubiri upande wa pili.

Ulimwengu wa telegrafu uliipokea seli ya Daniell kwa furaha, kwa sababu mkondo wake haukuyumba. Ila haikufaa kubebwa. Ni vimiminika viwili ndani ya chungu, na mtu hawezi kutembea nacho usiku. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alipata njia nyingine. Zinki aliibakiza, lakini mpokeaji wa elektroni akawa unga mweusi wa dioksidi ya manganizi uliozunguka kijiti cha kaboni, na elektrolaiti ikawa kloridi ya amonia. Miaka ishirini baadaye daktari Mjerumani Carl Gassner alikigeuza kimiminika kuwa uji mzito, na zinki akaifanya kuwa kopo lenyewe. Hiyo ndiyo betri kavu ya volti 1.5 inayouzwa hadi leo katika maduka yetu kwa ajili ya tochi na redio, ingawa kavu si sana, maana bila unyevu ayoni zisingetembea.

Mwanafunzi akikata betri ya namna hiyo iliyokwisha ataona kisa chote kwa macho yake, mradi avae glavu na anawe mikono baadaye. Kijiti cha kaboni katikati hakijabadilika, kama fedha ya Volta. Kopo la zinki limeliwa, na pengine limetoboka. Ndiyo sababu betri iliyosahaulika ndani ya redio huvuja na kuharibu waya za ndani: ukuta wa chombo ndio chakula chenyewe. Kwa hiyo pia betri nene na betri nyembamba za aina hiyo zote ni za volti 1.5, lakini nene hudumu muda mrefu, kwa kuwa ina zinki na unga mweusi mwingi zaidi.

Wengi huzianika juani betri zilizochoka, na ni kweli kwamba tochi huwaka tena kidogo. Mapumziko huupa unga mweusi muda wa kumalizia mmenyuko uliokuwa umechelewa nyuma ya matumizi, na joto huziharakisha ayoni ndani ya uji. Lakini jua halirudishi zinki hata chembe moja kwenye kopo, na kopo likiwa limekwisha kuwa jembamba, joto huharakisha kuvuja. Usidanganyike pia na mita ya volti. Betri iliyokaribia kwisha ikipimwa peke yake inaweza kuonyesha karibu volti 1.4, kwa sababu mvuto wa kemikali bado upo. Iunganishe na taa, upime ikiwa inafanya kazi. Volti zikishuka ghafla, ujue njia za ayoni zimeziba na vitu vya kumenyuka vimebaki vichache.

Je, mmenyuko hauwezi kurudishwa nyuma? Kwa seli ya Daniell inawezekana kwa muda: sukuma mkondo kinyume kwa chanzo chenye volti kubwa zaidi, na zinki itarudi kwenye fimbo huku shaba ikirudi majini. Shida ni kwamba shaba hiyo haitakaa upande wake. Mwaka 1859 Gaston Planté, pia Mfaransa, alipata vitu vinavyokaa mahali pake. Alikunja pamoja bati mbili za risasi zilizotenganishwa kwa kitambaa, akazitia katika asidi ya salfuriki na kupitisha mkondo. Bati moja ilibaki risasi na nyingine ikapata tabaka la dioksidi ya risasi. Betri inapotumika, pande zote mbili hugeuka kuwa salfeti ya risasi, kitu ambacho karibu hakiyeyuki, hivyo hubaki palepale juu ya bati kikisubiri mkondo wa kukigeuza tena. Kila seli hutoa takribani volti 2, na sita zilizounganishwa mfululizo ni betri ya volti 12 ya gari.

Salfeti hiyo inatoka kwenye asidi, kwa hiyo asidi hupungua kadiri betri inavyotumika na kurudi inapochajiwa. Fundi wa betri analijua hili anapofyonza asidi kwa haidromita na kutazama boya lililo ndani yake. Katika betri iliyojaa, asidi ni nzito kuliko maji mara 1.28 hivi. Katika iliyokwisha, hushuka hadi karibu 1.1. Seli moja ikisoma chini sana kuliko wenzake watano baada ya kuchajiwa usiku kucha, hiyo ndiyo mbovu. Na betri iliyoachwa miezi mingi ikiwa tupu, salfeti yake hukua na kuwa fuwele kubwa na ngumu ambazo mkondo wa chaja hauwezi tena kuzigeuza zote kuwa risasi na dioksidi ya risasi, hata ikichajiwa kwa muda mrefu kiasi gani.